Mashine Ikiwaka, Kijiji Kizima Kinajua

Kijiji chenye mashine ya kusaga hakihitaji kupigiwa kengele kujua kwamba mwenye mashine amefungua. Jioni watu wamekaa mbele ya televisheni, mara taa zinafifia, feni inalegea, kisha baada ya sekunde chache kila kitu kinarudi kama kilivyokuwa. "Mashine hiyo imewaka," atasema mmoja, na mazungumzo yataendelea.

Lakini hebu tulitazame jambo hilo tena. Taa zilipofifia, mashine ilikuwa haijasaga hata punje moja. Mahindi yalikuwa bado kwenye debe, na akina mama walikuwa bado wamepanga foleni. Nusu saa baadaye mashine inatafuna mahindi mfululizo, unga unamwagika, vumbi limejaa, na taa za jirani zimetulia tuli. Maana yake ni kwamba mota ilikula umeme mwingi kuliko wakati wote pale ilipokuwa haifanyi kazi yoyote ya maana. Fundi akishaelewa kwa nini, ndipo anapoweza kuchagua kwa akili namna ya kuiwasha mota hiyo. Asipoelewa, atafunga alichozoea kufunga, na siku moja mota itaungua.

Tuchukue mota moja tuifuate mpaka mwisho. Ni mota ya fezi tatu ya kilowati 22, ile ambayo wasagaji huiita ya hosipawa 30. Kibati chake kinasema inatumia volti 400, ampea 41, na huzunguka mara 1470 kwa dakika. Mota za namna hii zinazungusha mashine za unga, mashine za mbao, kompresa na pampu kila mahali.

Ndani ya mota

Ukiifungua utakuta vitu viwili vikubwa. Cha kwanza ni bodi ya nje isiyozunguka, iliyosheheni koili za waya wa shaba katika makundi matatu. Cha pili ni rota, yaani kile kipande cha katikati kinachozunguka pamoja na shafti. Anayeiona rota kwa mara ya kwanza hushangaa, kwa sababu haina waya hata mmoja. Ni mabati ya chuma yaliyobanwa pamoja, na ndani yake zimelazwa fito za alumini zilizounganishwa kwa pete kila upande. Ukiweza kuliondoa lile chuma ukabakiza fito na pete peke yake, utapata kitu kama tenga la kuku. Hakuna umeme unaopelekwa humo kutoka nje kwa waya wala kwa brashi. Mhandisi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky alitengeneza mota ya fezi tatu yenye rota ya aina hii mwaka 1889, akifanya kazi na kampuni ya AEG mjini Berlini, na muundo wake wa msingi ndio huu tulio nao leo.

Basi rota inazungushwa na nini? Fezi tatu zinapopishana katika zile koili, hutengeneza sumaku inayozunguka ndani ya mota ingawa hakuna chuma kinachosogea. Katika mota yetu sumaku hiyo huzunguka mara 1500 kwa dakika. Inapopita juu ya fito za rota huamsha umeme ndani yake. Kwa kuwa fito zimefungwa pamoja kwa pete, umeme huo unapata njia ya kuzunguka, na fito zenyewe zinageuka kuwa sumaku. Sumaku ya nje inaivuta hii ya ndani, na rota inaanza kuikimbilia.

Huikimbilia lakini haiifikii. Ikiifikia, sumaku haitakuwa inapita tena juu ya fito, umeme wa rota utakufa, na nguvu ya kuzungusha itakufa pamoja nao. Kwa hiyo rota hubaki nyuma kidogo siku zote. Yetu inazunguka mara 1470 huku sumaku ikizunguka mara 1500, ikiwa imeachwa mara 30 tu kwa dakika. Hayo machache ndiyo yanayotosha kusaga mahindi.

Kwa nini umeme wa kuanzia ni mwingi

Sasa rudi kwenye ile sekunde ya kwanza. Rota imesimama, lakini sumaku haikumngoja mtu: tangu swichi ilipofungwa inazunguka mara 1500 kwa dakika. Fito hazipitiwi tena mara 30 kwa dakika, zinapitiwa mara 1500. Ni mara 50 zaidi ya hali ya kawaida ya kazi, na volti inayoamshwa ndani ya fito nayo ni mara 50 zaidi.

Mtu wa umeme ataitambua hali hiyo kwa jina lingine. Koili mbili zilizo karibu, moja ikiamsha umeme katika nyingine, ni transfoma. Koili za nje ni upande wa kuingizia na fito za rota ni upande wa kutolea, ila upande huo wa kutolea umeunganishwa wenyewe kwa wenyewe kwa pete nene za alumini. Mota iliyosimama, kwa maneno mengine, ni transfoma iliyopigwa shoti. Itavuta umeme wote ambao njia itauruhusu.

Msomaji makini atauliza: kama volti ya rota ni mara 50, mbona umeme hauwi mara 50? Ni kwa sababu fito zilizozungukwa na chuma huukataa umeme unaobadilika haraka. Rota ikiwa imesimama, umeme wake hugeuka mwelekeo kwa kasi ileile ya gridi, mizunguko 50 kwa sekunde, na chuma kinaubana sana. Rota ikiwa kazini, umeme wake ni mzunguko 1 tu kwa sekunde, na hapo chuma hakiubani kabisa kwa kulinganisha. Kwa hiyo wakati wa kuanza kuna msukumo mkubwa na kizuizi kikubwa kwa pamoja, na matokeo yake ni umeme wa kama mara 6 hadi 8 ya ule ulioandikwa kwenye kibati. Tuseme yetu ni mara 7: ampea 41 zinakuwa 287.

Kubanwa huko kuna hasara ya pili. Umeme wa rota unachelewa nyuma ya sumaku iliyouamsha, hivyo hausukumi pamoja nayo ipasavyo. Ndiyo maana mota inakula umeme mara 7 lakini nguvu yake ya kuzungusha inaanzia kwenye kama mara 2 tu ya nguvu yake ya kazi. Ni kama watu wanaosukuma gari kila mmoja kwa wakati wake: jasho linatoka kwa wingi, gari linasogea kidogo.

Hapa ndipo lilipo kosa ambalo hata mafundi wa siku nyingi hulifanya. Wengi husema umeme wa kuanzia ni mkubwa kwa sababu mzigo ni mzito. Sivyo. Rota ikiwa imesimama, haijui kama imefungwa kwenye mashine ya unga au iko peke yake mezani. Itavuta zilezile ampea 287. Uzito wa mzigo unaamua jambo moja tu, nalo ni muda. Mota tupu inapata mwendo kabla ya sekunde moja kwisha. Ikiwa inazungusha rota nzito ya kusagia yenye nyundo nyingi, inaweza kuchukua sekunde 5 au zaidi, na muda wote huo umeme unabaki juu. Joto ndani ya koili linakua kwa mraba wa umeme, hivyo umeme wa mara 7 unatoa joto la mara 49. Mota haijafanywa kustahimili hali hiyo kwa zaidi ya sekunde chache.

Njia ya kwanza: moja kwa moja

Namna rahisi ya kuwasha mota ni kuipa volti zote 400 mara moja kupitia kontakta moja na ovalodi. Mafundi huiita DOL. Ni ya bei nafuu, ina vitu vichache vya kuharibika, na inaipa mota nguvu yake yote tangu mwanzo. Kwa mota ndogo hakuna sababu ya kutafuta kingine. Mota yenyewe haiogopi kuwashwa hivi, mradi isiwashwe na kuzimwa mfululizo.

Anayeogopa ni jirani. Tuseme kijiji kinahudumiwa na transfoma ya kVA 100, ambayo uwezo wake kwa kila fezi ni ampea 144. Mota yetu peke yake inaomba 287, mara mbili ya uwezo huo. Transfoma kama hiyo, yenye kizuizi cha asilimia 4, itapoteza karibu asilimia 8 ya volti ndani yake. Halafu kuna waya. Mashine iko mita 300 kutoka kwenye transfoma kwa waya wa alumini wa milimita 50 za mraba, na hesabu ya haraka inaonyesha kwamba waya nao utameza asilimia 15 hivi. Jirani wa mwisho wa nguzo, aliyekuwa na volti 230, anabaki na kama 180. Ndiyo taa kufifia.

Na volti zikishuka kwa jirani, zimeshuka kwa mota pia. Nguvu ya kuzungusha inafuata mraba wa volti: volti zikibaki asilimia 80, nguvu inabaki asilimia 64. Mota iliyotakiwa kuwa na nguvu mara 2 inajikuta na mara 1 na robo hivi, na kipindi cha kuanza kinarefuka. Huo mraba ushike vizuri, kwa sababu njia zote mbili zinazofuata zimejengwa juu yake. Zote zinapunguza umeme wa kuanzia kwa kuipunguzia mota volti, na zote zinalipia punguzo hilo kwa nguvu.

Njia ya pili: sta-delta

Makundi matatu ya koili yana ncha sita, na kwenye boksi la mota zimeandikwa U1, V1, W1 na U2, V2, W2. Unaweza kuziunganisha kwa namna mbili. Katika sta, yaani nyota, ncha tatu za mwisho zinafungwa pamoja katikati, na kila koili inapata volti 230. Katika delta, yaani pembetatu, koili zinafuatana kwa duara na kila moja inapata volti 400 kamili. Ujanja wa sta-delta ni kuianza mota kwa nyota, kisha ikishapata mwendo kuihamishia pembetatu. Kazi hiyo inafanywa na kontakta tatu na taima.

Faida yake ni kubwa kuliko watu wanavyodhani mwanzoni. Volti kwenye koili zimepungua kutoka 400 hadi 230, kwa hiyo umeme wa kila koili umepungua kwa kiasi hichohicho. Lakini kuna punguzo la pili: katika delta kila waya wa njia hulisha koili mbili, ilhali katika sta unalisha moja tu. Mapunguzo mawili yakizidishwa, umeme unaovutwa kwenye njia unakuwa theluthi moja. Ampea 287 zinakuwa 96. Yule jirani wa mwisho wa nguzo anabaki na volti zaidi ya 210, na huenda asigundue kitu.

Bei ya faida hiyo ni nguvu, ambayo nayo inashuka hadi theluthi. Mota iliyokuwa inaanza na nguvu mara 2 ya nguvu ya kazi, sasa inaanza na thuluthi mbili ya nguvu hiyo. Kwa mashine ya unga iliyo tupu inatosha. Rota ya nyundo ni nzito, lakini haina kinachoizuia zaidi ya msuguano wa beringi, mikanda na upepo. Itachukua muda, itafika. Kwa mashine iliyozimwa na umeme wa gridi ikiwa na mahindi tumboni, haitoshi. Rota itazunguka kivivu, itafika mwendo wa kati na kukwama hapo, huku koili zikipata moto.

Nilimsikia fundi mmoja akimweleza mama mwenye mashine jambo hili kwa maneno machache. "Mama, umeme ukikatika ghafla, kabla hujawasha tena funga mdomo wa mashine na utoe yaliyobaki ndani."

"Hata kama ni kidogo, fundi?"

"Hata kama ni kidogo. Mashine ikianza na sta haina ubavu wa kutafuna."

Sta-delta inapoharibikia

Makosa matatu yanajirudia, na yote yanaweza kuonekana kabla ya harufu ya vanishi iliyoungua.

La kwanza liko kwenye kibati. Mota inayofaa sta-delta kwenye umeme wetu wa volti 400 ni ile iliyoandikwa 400/690 V, au 400 V pamoja na alama ya pembetatu. Maana yake ni kwamba kila koili imetengenezwa kubeba volti 400. Kuna mota nyingine, hasa ndogo, zilizoandikwa 230/400 V. Hizo koili zake ni za volti 230, na mahali pake kwenye umeme wetu ni nyota peke yake, kuanzia mwanzo hadi mwisho. Ukiifungia sta-delta itaanza vizuri sana, fundi atatabasamu, kisha taima itaipeleka kwenye delta na koili za volti 230 zitapewa 400. Haichukui muda kuungua. Kibati husomwa kabla ya kununua stata, si baada ya kuita fundi wa kusuka mota.

La pili ni taima. Umeme wa kuanzia haushuki taratibu kadiri mota inavyoongeza mwendo. Unabaki karibu palepale mpaka rota ifikie kama robo tatu ya mwendo wake na zaidi, ndipo unaporomoka. Kwa hiyo fundi anayeweka sekunde 3 kwenye mashine inayohitaji 8 anaihamisha mota kwenye delta ikiwa katikati ya safari, na umeme unaruka juu karibu kama ule wa DOL. Taa zinafifia mara mbili badala ya moja, na mwenye mashine ametoa fedha ya kontakta tatu kununua kitu kisichomsaidia. Dalili yake ni ile taa kushtuka mara ya pili kwa kishindo. Dawa ni kushika klampu mita kwenye waya mmoja wa njia huku mashine ikiwa tupu: tazama namba ikae juu, ianze kushuka, itulie. Pale inapotulia, na sauti ya mota inapoacha kupanda, ndipo pa kuweka taima. Kuchelewesha mno nako ni kubaya, maana mpokea mahindi asiye na subira atafungua mdomo wa mashine ikiwa bado kwenye sta.

Taima nzuri ya sta-delta huacha pia pengo fupi la kama sehemu 5 za mia za sekunde kati ya kuachia nyota na kushika pembetatu. Pengo hilo linatoa nafasi kwa cheche za kontakta ya sta kuzimika. Bila hilo, kontakta mbili zikishika pamoja hata kwa kufumba na kufumbua, fezi tatu zinakutana uso kwa uso na fyuzi zinaondoka. Kwa hiyo pia kontakta ya sta na ya delta hufungwa kwa namna kwamba moja ikishika nyingine haiwezi kupata umeme wa kuivuta.

La tatu ndilo lililofichika zaidi, nalo ni ovalodi. Katika ufungaji ulio wa kawaida, ovalodi hukaa chini ya kontakta kuu, ambapo wakati wa delta unapita umeme wa koili, si umeme wote wa njia. Umeme wa koili ni asilimia 58 ya ule wa kibati. Kwa mota yetu ya ampea 41, ovalodi inatakiwa iwekwe karibu ampea 24. Fundi anayesoma kibati na kuizungusha hadi 41 ameiondolea mota ulinzi bila kujua: mota inaweza kuvuta ampea 70 kwenye njia na ovalodi ikakaa kimya. Mota ya namna hiyo ikiungua, lawama huangukia umeme wa gridi.

Njia ya tatu: ototransfoma

Sta-delta ina mipaka miwili isiyoweza kuibiwa. Punguzo lake ni moja tu, theluthi, upende usipende. Na inahitaji ncha zote sita za mota zifike kwenye boksi la kuwashia.

Fikiria sasa pampu ya kisima kirefu cha kijiji hichohicho, yenye mota ya ukubwa uleule lakini iliyozamishwa mita 100 chini ya ardhi. Pampu nyingi za namna hiyo zinatoka kiwandani na nyaya tatu tu. Hata ukipata ya nyaya sita, itabidi ununue kebo mara mbili. Zaidi ya hayo, kuna tabia ya mzigo. Rota nzito ya mashine ya unga ikikatiwa umeme kwa nukta moja wakati wa kuhama kutoka sta kwenda delta, inaendelea kuzunguka kana kwamba hakuna kilichotokea. Rota ya pampu ya kisima ni nyembamba na nyepesi, na imebanwa na maji pande zote. Ikikatiwa umeme inapunguza mwendo papo hapo, na inapofika delta ni kama inaanza upya.

Hapa ndipo ototransfoma inapostahili bei yake. Ni transfoma yenye koili moja kwa kila fezi, ikiwa na matoleo njiani, kwa kawaida asilimia 50, 65 na 80 ya volti kamili. Mota inaanza kwa toleo mojawapo, kisha inahamishiwa kwenye volti zote. Nyaya tatu zinatosha, na fundi anachagua kiwango.

Uzuri wake uko kwenye hesabu. Toleo la asilimia 65 linaipa mota volti 260, na umeme wa mota unashuka hadi asilimia 65 ya ampea 287, yaani 187. Lakini kwenye njia haupiti huo. Transfoma inayopunguza volti inapunguza pia umeme unaovutwa upande wa kuingizia, kwa uwiano uleule. Asilimia 65 ya 187 ni ampea 121. Nguvu nayo, kwa ule mraba wetu, imebaki asilimia 42 ya ile ya DOL. Toleo la 80 linatoa ampea 184 na nguvu asilimia 64. Toleo la 50 linatoa ampea 72 na nguvu robo. Ukizilinganisha hesabu hizi na za sta-delta, utaona kwamba sta-delta ni sawasawa na ototransfoma yenye toleo moja la asilimia 58 lisiloweza kubadilishwa. Hakuna njia kati ya hizi mbili inayokupa nguvu nyingi kwa ampea chache kuliko mwenzake. Tofauti ni kwamba mmoja anakupa chaguo.

Kuna jambo jingine. Max Korndörfer wa Berlini alibuni mpangilio ambao mota haikatiwi umeme hata kidogo wakati wa kuhama, na akapewa hataza yake Marekani mwaka 1914. Mota inaanza kwa toleo lililochaguliwa. Ikishapata mwendo, kontakta inayofunga ncha za katikati za transfoma inaachia, na sehemu ya koili inabaki njiani kati ya gridi na mota kama kizuizi kinachopunguza umeme kwa muda mfupi. Mwisho kontakta kuu inafunga na kuirukia transfoma. Kwa pampu yetu isiyovumilia kukatiwa umeme, huo ndio mpangilio wa kuuliza dukani.

Ubaya wake ni uzito, bei na joto. Ototransfoma za kuanzishia hutengenezwa kubeba umeme huo kwa sekunde chache tu, mara chache kwa saa. Swichi ya kuelea kwenye tangi ikiwa mbovu, pampu ikawa inawaka na kuzima kila dakika mbili, kitakachoungua kwanza ni transfoma, si mota. Gusa boksi lake baada ya kazi: likiwa moto usioshikika, tafuta kwanza ni mara ngapi mota inawashwa.

Siku hizi kuna pia vifaa vya kielektroniki vinavyopandisha volti taratibu, na vingine vinavyobadilisha hata kasi ya sumaku yenyewe. Hivi vya pili peke yake ndivyo vinavyoukwepa ule mraba, kwa sababu vinaianzisha sumaku polepole na rota haiachwi mbali hata siku moja. Wa kwanza, pamoja na ugeni wake, unatii sheria ileile ya sta-delta: ukipunguza volti, umepunguza nguvu.

Kabla ya kununua stata

Swali la kwanza la mnunuzi huwa ni mota ina ukubwa gani. Ni swali la pili. La kwanza ni hili: mashine hii, katika sekunde yake ya kwanza, inazuiwa na nini? Mashine ya unga iliyo tupu haizuiwi na kitu, na sta-delta inaitosha. Kompresa inayoanza ikiwa na upepo tangini, au mkanda wa kubebea mchanga ulioachwa na mzigo juu yake, huhitaji nguvu tangu mwanzo. Hapo ni DOL kama njia ya umeme inaruhusu, au ototransfoma kwa toleo la juu. Pampu ya kisima yenye nyaya tatu imeshajiamulia yenyewe.

Na wewe ambaye mashine yako imeshafungwa kwa sta-delta, fanya jambo moja kesho asubuhi kabla ya wateja kufika. Fungua boksi la stata na fundi wako, soma ampea za kibati, zizidishe kwa 0.58, kisha mtazame ovalodi imewekwa wapi. Kama sindano yake iko kwenye ampea za kibati na ovalodi iko chini ya kontakta kuu, mota yako haina mlinzi.